Tukate Ukimya, Tusikate Siku Tatu

Huku visiwani tumezoea muhogo mtamu, unaomenywa na kupikwa kwa nazi siku hiyohiyo. Muhogo mchungu ni mwingine. Una sumu ya sianidi, ndiyo maana humenywa, hulowekwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha hukamuliwa na kuanikwa kabla ya kusagwa. Mama anayepika Kabanga, kule Kasulu, analijua hilo. Anayemtazama kwenye simu huenda halijui.

Sasa tuseme tumemrekodi mama huyo dakika sita, nasi tunataka video ya dakika moja na nusu. Tunaanza kwa kuondoa ukimya usio na kazi: anapotafuta kisu, anaposubiri mtoto apite, anaporudia neno. Kwenye CapCut tunasimamisha mstari pale sauti iliposhuka, tunabonyeza Split, tunafanya hivyo upande wa pili, kisha tunafuta kipande cha kati. Tuache pumzi ndogo, kama nusu sekunde, baada ya kila sentensi. Tukikata hadi kwenye neno lenyewe, mama atasikika kama anafukuzwa.

Kila tukikata hivyo, kichwa chake kitaruka ghafla kwenye picha. Kwenye kumenya hakuna ubaya, kwani muhogo wa kwanza na wa kumi ni kazi ileile. Mruko ukisumbua macho, tunaufunika kwa picha ya mikono yake huku sauti ikiendelea.

Lakini kuna mruko mmoja ambao sisi tunaupinga kabisa: muhogo uko kwenye maji, na papo hapo uko juani. Video imekuwa nyepesi, ila mtazamaji amefundishwa kuwa kuloweka ni kuosha tu. Hapo tupunguze mwendo. Tuonyeshe ndoo kwa sekunde tatu au nne, tuandike: “Siku 3 au zaidi, mpaka ulainike.” Kisha tuonyeshe vidole vikiubonyeza muhogo uliolainika, maana hiyo ndiyo dalili.

Maandishi yawe mstari mmoja au miwili, meupe yenye kivuli cheusi, na yapande kidogo juu ili vitufe vya chini visiyafunike. Yakae mpaka tuweze kuyasoma mara mbili bila haraka. Mama akizungumza Kiha, tuandike maana kwa Kiswahili na tumsomee kabla ya kurusha; yeye ndiye anayejua kama tumemnukuu sawa.

Mwisho, tuzime sauti, tumpe shoga ambaye hajawahi kuona kazi hiyo atazame, kisha tumuulize: muhogo umekaa majini siku ngapi? Asipojua, video haijakwisha, hata ikiwa inapendeza vipi.