Usiombe Msaada, Dai Ratiba
Ndugu yangu, jirani yetu kaiandikia kaunti barua: taka wiki tatu hazijazolewa, mtaro umeziba, panya wako hadi jikoni, mbu usiseme. Barua nzuri, lakini mwisho kaomba "msaada". Hapo ndipo tunakosea. Kuzoa taka ni kazi ya kaunti kikatiba, si hisani. Na mtaro ukizibuliwa mara moja tu, taka zitauziba tena, na yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku kama kumi. Kwa hivyo wewe ukiandika, omba ratiba ya kuzoa taka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Baki na nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakufungulia mahakama, hata kama hujaugua.