Sweta tatu kwa elfu kumi na saba

Baridi ya Juni inapoibana Ufipa, wanunuzi wa sweta za mtumba hapa Chanji husikia sana neno "chukua zote nikupunguzie". Tuseme sweta mbili nzima zinatajwa shilingi 8,000 kila moja, na ya tatu, iliyolegea mikononi, 4,000. Jumla 20,000, mnapatana 17,000. Mnunuzi anagawa kwa tatu, anapata kama 5,667, anafurahi kwamba sweta ya 8,000 imeshuka hivyo. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu sweta hazilingani. Punguzo ni asilimia 15, basi kila nzima imemgharimu 6,800 na iliyolegea 3,400. Tena ile 8,000 ilikuwa bei ya kuanzia tu. Kama moja moja angezipata kwa 7,000, 7,000 na 3,500, angelipa 17,500, kwa hiyo ameokoa 500, si 3,000. Na kama ya tatu hakuihitaji, ametoa 3,000 zaidi ya bei hiyo ya zile mbili nzima. Ndiyo maana nasisitiza: patana kwanza bei ya mwisho ya kila moja, kagua zipu na mikono, ndipo utaje kuchukua zote.