Daftari la Duka na Kodi ya Mauzo



Juma lililopita tulimjibu mama mmoja wa Musoma aliyetaka kujua hatua za kufungua duka dogo la vitenge, sabuni na mafuta ya kula. Swali lake la mwisho lilikuwa hili: ikiwa duka ni dogo, daftari la nini? Tuliona jibu lake halistahiki kubaki mikononi mwa mtu mmoja, kwani ndugu zetu wengi wa Bunda na Butiama wamo katika hali kama yake.

Tuanze na kauli ambayo wengi huikosea. Kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo haihesabiwi kwa faida, bali kwa mauzo ghafi, yaani jumla ya fedha zote zilizopatikana kwa kuuza bidhaa tangu Januari hadi Desemba, kabla ya kutoa gharama yoyote. Utaratibu huu unamhusu mtu binafsi mkazi ambaye kipato chake kinatokana na biashara tu, na ambaye mauzo yake kwa mwaka hayavuki kikomo kilichowekwa. Kampuni haimo, hata ikiwa ndogo namna gani.

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi hii. Anayezidi hapo bila kufikia 7,000,000 hulipa 100,000 ikiwa hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi 4,000,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko huanza Julai. Kwa hiyo aulize kila mwaka katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu naye.

Sasa tumtazame mama yetu. Tuseme anauza wastani wa shilingi 25,000 kwa siku, na anafungua duka siku 26 kila mwezi. Kwa mwaka ni siku 312, na mauzo yake ni 7,800,000. Yamezidi 7,000,000 kwa 800,000. Asilimia 3 yake ni 24,000. Ukijumlisha na 90,000, kodi yake ni shilingi 114,000. Bila daftari, mama huyo huyo, kwa duka lile lile, angelipa 250,000. Tofauti ni 136,000, na kwa muuza vitenge hiyo ni fedha ya kuongeza bidhaa rafuni. Kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa hiyo kila awamu yeye angetoa 28,500 badala ya 62,500.

Lakini kuna madhara makubwa zaidi ya hayo. Asiye na kumbukumbu hana namna ya kuonyesha mauzo yake ni kiasi gani, na afisa humkadiria kwa anachokiona. Akiingia dukani siku chache kabla ya Idi, vitenge vimejaa na wateja wamepanga foleni, haoni miezi ya mvua ambapo mama alikaa siku nzima akauza mche mmoja wa sabuni. Mfanyabiashara asiyeridhika na makadirio anayo haki ya kuweka pingamizi ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi, lakini pingamizi bila daftari halina cha kusimamia.

Daftari lenyewe si elimu ngumu. Kila jioni kabla ya kufunga, aandike tarehe na jumla ya mauzo ya siku hiyo. Katika kurasa nyingine aandike manunuzi, na risiti ya kila ununuzi aitunze katika bahasha ya mwezi wake. Gharama kama pango na umeme zipewe ukurasa wao, na wadaiwa wao. Bidhaa alizochukua kwenda nyumbani kwa matumizi ya watoto aziandike pia, la sivyo hesabu ya bidhaa haitalingana na mauzo, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mkaguzi mzoefu hulitazama. Sheria inataka kumbukumbu hizi zihifadhiwe kwa miaka 5.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchanganya fedha. Tuseme mama amepokea mkopo wa 3,500,000 kutoka kikundi chake, akauingiza katika simu ile ile anayopokelea malipo ya wateja. Mkopo si mauzo. Lakini ukichanganywa nayo, 7,800,000 yake itaonekana kuwa 11,300,000. Hapo atakuwa ametoka katika ngazi tulizozitaja, akaingia katika kundi linalotozwa zaidi na kutakiwa kuwa na mashine ya kutolea risiti, ile ya EFD. Dawa yake ni kuwa na laini moja ya simu kwa ajili ya duka na nyingine kwa ajili ya nyumba, na kuandika mkopo siku ile ile ulipoingia.

Tuseme hapa, kwa kuwa tumeulizwa, kwamba daftari hili hili litamfaa hesabu ya zaka itakapofika, ingawa zaka ya biashara hutazama thamani ya bidhaa na fedha zilizopo baada ya mwaka, si mauzo. Wala kutoa zaka hakumwondolei mtu kodi kwa mujibu wa sheria ya nchi.

Kuhusu leseni tutakuwa wafupi. Kwanza apate namba ya utambulisho wa mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa bure. Anayemdai fedha kwa ajili yake anamdhulumu. Kisha afanyiwe makadirio na kupata hati ya kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi. Akiwa na hati hiyo, kitambulisho cha taifa na mkataba wa pango, aombe leseni kwa halmashauri ya mahali duka lilipo, kupitia mfumo wa tausi.tamisemi.go.tz au kwa kusaidiwa na ofisi ya biashara ya halmashauri. Leseni ni ya mahali, si ya mtu tu: iliyotolewa na Manispaa ya Musoma haimruhusu kufungua tawi Kiabakari, ambako ni Butiama. Hudumu miezi 12 tangu itolewe, basi aandike tarehe ya mwisho wake katika jalada la daftari.

Wengine hudhani kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, kilichoanza kutolewa Desemba 2018, kinatosha. Kiliwekwa kwa ajili ya wenye mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka. Mama yetu, kwa hesabu tuliyoifanya, amekwisha kupita hapo mwezi wa saba.

Malipo ya kodi yafanyike kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, benki au kwa simu, na stakabadhi yake ibandikwe katika ukurasa wa awamu husika. Asimkabidhi mtu fedha taslimu dukani, hata akiwa amevaa kitambulisho.