Msituambie Tujiamini, Tuonyesheni Kazi

Tofauti ilikuwa shilingi 270,000. Ilikuwa wiki ya tatu ya ajira yangu ya kwanza, Dar es Salaam, na nilipewa kazi ambayo kila mhasibu huipitia: kulinganisha daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki ya mwezi. Hundi ambazo wenyewe walikuwa hawajazipeleka benki nilikwisha kuziondoa. Makato ya benki nilikwisha kuyaingiza. Bado daftari letu lilidai tuna shilingi 270,000 zaidi ya zile ambazo benki inazijua.

Nilizitafuta siku mbili. Usiku nilirudi chumbani na nakala, nikatia vema kwa kalamu nyekundu mstari kwa mstari hadi macho yakauma. Mezani pa pili, hatua nne kutoka kwangu, alikaa mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo kabla mimi sijaanza shule. Sikumuuliza. Nilikuwa na shahada, na nilitajwa jina siku ya mahafali. Ningeanzaje kusema sijui? Kila alipopita nyuma yangu nilifungua ukurasa mwingine ili nionekane nimeshafika mbali.

Siku ya tatu alisimama, akatazama karatasi. "Mwanangu, hiyo tofauti umeigawanya kwa tisa?"

Nilidhani ananitania. Akanieleza. Mtu akipindua tarakimu mbili zinazofuatana wakati wa kuandika, tofauti inayozaliwa lazima igawanyike kwa tisa. Shilingi 270,000 ukigawanya kwa tisa unapata 30,000. Ile tatu inakuambia kwamba tarakimu zilizopishana zinatofautiana kwa tatu, na sifuri nne zinakuonyesha zilipo: kwenye makumi elfu na malaki. Akaonya kuwa hiyo ni dalili tu, si ushahidi, maana hata tofauti iliyotokana na jambo lingine huweza kugawanyika kwa tisa. Lakini ndipo pa kuanzia. Dakika kumi baadaye niliiona: mteja alilipa 4,250,000, sisi tukaandika 4,520,000.

Meneja alipopita akasema, "Kazi nzuri." Nikajibu, "Nimebahatisha tu." Na niliamini hivyo.

Jioni ile nilimsimulia rafiki yangu, naye akanitumia tangazo la semina ya vijana kuhusu hali ya kujiona tapeli. Nilikwenda. Mnenaji alituambia tusimame mbele ya kioo kila asubuhi na kusema, "Ninastahili." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilitoka na hasira ambayo sikujua naielekeza kwa nani. Sasa najua.

Jina hilo lina maana yake, na sisi tumelichakaza. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefanikiwa: wenye shahada za juu, wenye kuheshimiwa katika taaluma zao, wanafunzi waliong'ara. Pamoja na ushahidi wote huo, wengi wao waliamini kwamba wamewadanganya watu na kwamba siku moja watafichuliwa. Waandishi hao hawakuiita ugonjwa. Waliiita hali tu, na hadi leo haimo katika orodha ya magonjwa ya akili ambayo madaktari wa Marekani huitumia.

Shikeni neno moja hapo: ushahidi. Anayejiona tapeli kwa maana hiyo si mtu asiyejua kazi. Ni mtu anayeijua, mwenye uthibitisho mkononi, ambaye kila uthibitisho ukimfikia anaurudisha ulikotoka. Akipewa kazi anaingiwa na hofu. Hofu inamfanya ajiandae kupita kiasi, au aahirishe kisha akimbizane na saa. Kazi ikifaulu, aliyejiandaa sana husema ni jasho, si uwezo. Aliyekimbizana husema ni bahati. Kazi ijayo hofu inaanza upya, kana kwamba hajawahi kufaulu.

Sasa rudini kwenye meza yangu. Zile siku mbili za kalamu nyekundu sikuwa nikijidhania tapeli bure. Nilikuwa sijui. Kile nilichokosa kinaweza kutajwa kwa sentensi moja: sikujua namna ya kuianza tofauti isiyojieleza. Chuoni tulifundishwa kulinganisha hesabu, lakini katika swali la mtihani kila tofauti huja imeandikwa: hundi namba fulani haijawasilishwa, makato ni kiasi fulani. Ofisini tofauti haijitambulishi. Hilo ni pengo la kufundishwa, na dawa yake ni mtu wa kukuonyesha. Kioo hakijui kugawanya kwa tisa.

Utapeli wangu ulianza baadaye, niliposema, "Nimebahatisha." Pale nilikuwa nimeshajua, nimeshaitafuta, nimeshaipata, na bado nikaukana ushahidi. Mambo hayo mawili hufanana sana tumboni, lakini yanatenganishwa kwa swali rahisi: ni kitu gani hasa sikijui? Ukiweza kukitaja, hujijui tapeli, unajijua mwanafunzi. Ukikosa cha kutaja, na umefunga hesabu za miezi mitatu bila kurudishiwa, na bado unasubiri kufichuliwa, hapo ndipo jina linapokufaa.

Ugomvi wangu na wanaouza kujiamini ni kwamba wanayachanganya mawili haya, na mchanganyiko huo una mnufaika. Ofisi inayomkabidhi mgeni faili la mtu aliyekwisha kuacha kazi, ikampa meza na neno la siri la kompyuta, kisha ikamwambia "hapa si chuoni", imeokoa gharama ya kumfundisha. Kijana akitetemeka, anaambiwa shida iko kichwani mwake. Anakwenda semina kwa nauli yake mwenyewe, kutibu uzembe wa mwajiri.

Najua jibu la mabosi: tunaajiri wenye shahada ili wasifundishwe. Basi waniambie ni chuo gani kinafundisha makosa ya daftari la ofisi yao. Mama yule hakuzaliwa na ile tisa. Kuna mtu alimwonyesha, pengine naye akiwa amekaa siku mbili kimya.

Na hapa sitatuachia vijana bila lawama. Ofisi ilininyima mwalimu rasmi, lakini mwalimu alikuwa hatua nne kutoka kwangu, nami nikamfichia ukurasa. Hivyo ndivyo hofu inavyogeuza ujinga wa wiki moja kuwa wa mwaka: unaogopa kuuliza usifichuliwe, kwa kutouliza unabaki hujui, na kwa kubaki hujui unapata sababu halali ya kuogopa. Wiki ya tatu swali lako ni la mgeni. Mwezi wa kumi swali hilohilo ndilo litakalokufichua kweli.

Nilinunua daftari dogo. Kila mwisho wa mwezi niliandika tofauti ilikuwa kiasi gani, ilitokana na nini, na niliigunduaje. Sikuandika sifa. Nilipotaka tena kusema nimebahatisha, nilifungua na kuhesabu: bahati haiji miezi saba mfululizo kwa njia ileile.

Juzi ameletwa mhitimu mpya, amekaa kwenye meza niliyoanzia. Siku ya pili nilimwona akifungua ukurasa mwingine nilipopita nyuma yake. Nikavuta kiti.

"Tofauti ni kiasi gani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaitaja.