Fungu la nyanya na jagi la ukwaju: namna ya kutunga maswali ya uwiano

Juma lililopita binti yangu wa Kidato cha Kwanza alirejea na daftari lenye alama nyekundu ya kosa kando ya swali hili: "Mafungu 3 ya nyanya huuzwa shilingi 1,200. Mafungu 5 yatauzwa kwa shilingi ngapi?" Yeye alijibu 2,200, na jibu lililotakiwa lilikuwa 2,000.

"Lakini baba," akanilalamikia, "sokoni fungu moja ni mia tano. Ukichukua matatu ndipo unapunguziwa, yawe elfu moja na mia mbili. Mawili yanayobaki ni elfu moja."

Nilimtetea, na bado namtetea. Hesabu ya kugawa 1,200 kwa 3 ili kupata 400, kisha kuzidisha kwa 5, ni sahihi endapo kila fungu lina bei ileile, na swali halikulisema hilo. Mtoto anayetumwa sokoni kila siku alilijaza pengo hilo kwa desturi aijuayo, naye akaadhibiwa kwa kuijua. Mwenzake asiyewahi kununua nyanya alipata alama zote.

Basi anayetunga swali la bei na ajiulize kwanza: je, idadi ikiongezeka mara mbili, bei nayo huongezeka mara mbili hasa? Ikiwa sivyo, ana njia mbili. Anaweza kuongeza maneno machache, "kila fungu kwa bei ileile," au akachagua bidhaa ipimwayo kwa mizani, kama sukari ya rejareja. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuliweka punguzo lenyewe ndani ya swali: "Fungu moja ni shilingi 500, na matatu kwa pamoja ni 1,200. Mama anataka matano. Atalipa kiasi gani? Je, bei hapa inalingana kwa uwiano na idadi ya mafungu? Eleza." Hapo jibu la binti yangu lingekuwa ndilo jibu.

Maswali ya kuchanganya yana hitilafu ya aina nyingine, nayo hutokana na tarakimu zinazochaguliwa. Tuchukue kinywaji cha futari. Vikombe 4 vya maji mazito ya ukwaju huchanganywa na vikombe 6 vya maji ya kawaida. Ukiuliza vikombe 8 vya ukwaju vitahitaji maji kiasi gani, karibu kila mtoto atasema 12, kwa kuwa kuongeza maradufu ni kwepesi. Hutajua nani ameelewa. Uliza badala yake kuhusu vikombe 6 vya ukwaju. Aliyeelewa atasema 9, kwani kila vikombe 2 vya ukwaju vinafuatana na 3 vya maji. Asiyeelewa atasema 8: ukwaju umeongezeka kwa 2, basi na maji yaongezeke kwa 2. Hilo ndilo kosa kubwa la umri huu, na jibu la 8 linamfichua mwenye kosa bila kumhoji. Mpe basi jagi mbili aonje; ile ya vikombe 8 vya maji itakuwa kali zaidi.

Kosa la pili hujitokeza pale swali linapotaja jumla. "Wageni wanahitaji vikombe 30 vya kinywaji hicho. Ukwaju utakuwa vikombe vingapi?" Uwiano ni 2 kwa 3, hivyo mchanganyiko wote una sehemu 5, na ukwaju ni sehemu 2 kati ya hizo, yaani vikombe 12. Anayechanganya sehemu kwa sehemu na sehemu kwa jumla atachukua theluthi mbili za 30 na kuandika 20. Nimechagua 30 kwa makusudi, kwa kuwa inagawanyika kwa 5 na kwa 3 pia. Ningechagua 35, mkosaji angepata vikombe 23 na theluthi, angeshtuka kwa ubaya wa jibu, akabahatisha njia nyingine. Kwa 30 hakuna kinachomshtua, isipokuwa akikagua mwenyewe: ukwaju 20 unaacha maji 10, ilhali maji ndiyo yaliyopaswa kuwa mengi.

Nilikaribia kutumia wali kuwa mfano, mama watoto akanizuia. Wapishi wanajua kuwa sufuria ya kilo kumi haitaki maji mara kumi ya kilo moja, kwa sababu mvuke unaopotea hauongezeki kwa kadiri ileile ya mchele. Kinywaji kisichopikwa hakina tatizo hilo.

Jana binti alinitungia swali lake: ana vikombe 10 vya ukwaju na 12 vya maji, anataka kutengeneza kinywaji kilekile kingi iwezekanavyo, je, ni kipi kitakachoisha kwanza, na kingine kitabaki kiasi gani? Nilijibu haraka kuwa ukwaju ndio utakaoisha, maana ndio mchache. Akanipa alama ya kosa. Maji 12 yanahitaji ukwaju 8 tu; maji ndiyo yanayoisha, na vikombe 2 vya ukwaju vinabaki.