Neno la Milano kwa Bibi wa Sisilia
Ajuza mmoja, mzaliwa wa Sisilia aliyehamia Milano na mumewe katika miaka ya 1960, zama ambazo viwanda vya kaskazini vilivuta watu wa kusini makundi kwa makundi, alikuwa ameketi mbele ya sahani ya supu asiyoigusa, na binti wa Mombasa aliyeajiriwa kumtunza, alipoona mkono wake umetulia kifuani, alimwuliza kwa taadhima, kwa neno alilolizoea kwa mgonjwa wake wa kwanza, Mmilano asilia: “Sinyora, una magon?” Bibi akastaajabu, akidhani ni jina la dawa, akajibu kwamba vidonge vyote amekwisha kuvimeza. Magon, kwa lahaja ya Milano, ni firigisi ya kuku, na kwa majazi ni huzuni iliyokwama kooni. Ila lahaja za Italia zimeachana mno, hata Msisilia aweza kuishi mjini humo umri mzima asilifahamu neno hilo. Binti, na hapa ndipo ninapomsifu kwa dhati, hakulipuuza jambo, maana mkono kifuani mwa mzee si wa kudhaniwa tu: alimwuliza kwa Kitaliano chepesi, akimwonyesha kwa kidole, kama maumivu yanapanda tayani au kushuka mkononi, akatazama pumzi na jasho, akampima mapigo ya moyo. “La, binti yangu, siumwi na kitu,” bibi akasema, “leo ndiyo siku aliyofariki mume wangu.” Basi binti akaiondoa supu ile, akavuta kiti, akamwomba amhadithie habari za marehemu.