Akaunti hufunguliwa na aliyeifunga: majibu kwa madai matano ya Kakamega

Akaunti ya mtu inapozuiliwa hapa Kakamega, ushauri haukosekani. Anaupata kwenye foleni ya benki, stejini na hata kwa wale wanaozunguka karibu na lango la mahakama wakijiita mawakala. Mwingi ni wa kuhurumiana tu, lakini baadhi yake umewagharimu watu pesa ambazo zingerudi. Nimechukua madai matano yanayorudiwa sana niyajibu moja moja, nikitumia mfano wa mama mmoja wa kubuni ili hatua zionekane.

Chukulia mama huyu anaishi Lurambi na ameuza ploti kwa Sh2.4 milioni. Akaunti yake ya kawaida huingiza hela za mboga na michango ya chama, na salio lake mara chache hupita elfu kumi. Siku moja inapokea Sh1.8 milioni kutoka kwa mnunuzi, kisha Sh600,000 kutoka kwa mtu asiyemfahamu, ambaye mnunuzi anasema ni ndugu yake. Wiki inayofuata mama anaenda kutoa karo na kuambiwa akaunti imezuiliwa.

Dai la kwanza: "Mwone meneja wa tawi, ukimkalia vizuri atafungua."

Yategemea nani aliifunga, na hilo ndilo swali la kwanza kumuuliza meneja. Kuna njia tatu ambazo watu hukutana nazo zaidi. Benki yenyewe yaweza kusimamisha akaunti kwa sababu nyaraka zako zimepitwa na wakati au miamala imebadilika ghafla. Mpelelezi wa DCI aweza kwenda kwa hakimu na kupata agizo la kuizuia wakati uchunguzi ukiendelea. Nayo Mamlaka ya Kutwaa Mali, inayojulikana kama ARA, yaweza kuomba Mahakama Kuu agizo la kuhifadhi mali chini ya sheria ya mapato ya uhalifu ya 2009.

Katika njia ya kwanza meneja ana la kufanya. Peleka kitambulisho, PIN ya KRA, mkataba wa mauzo na barua fupi inayoeleza pesa zimetoka wapi, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki ikikaa kimya bila agizo lolote la mahakama, barua hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko kwa makao makuu yake, na baadaye kwa Benki Kuu ya Kenya.

Katika njia mbili zilizobaki, meneja akifungua atakuwa amekaidi mahakama. Chai unayompa haitamwondolea hatari hiyo, na wewe utakuwa umeongeza kosa la hongo juu ya shida uliyo nayo. Mama wa Lurambi alipouliza, alijibiwa kwamba kuna agizo la hakimu. Alichopaswa kuomba hapo ni nakala ya agizo, au angalau nambari ya kesi na jina la mahakama. Bila nambari hiyo hata wakili hana pa kuanzia.

Dai la pili: "Benki ikikataa kusema sababu, jua inaficha wizi."

Chini ya sheria ile ya mapato ya uhalifu, benki ina wajibu wa kuripoti miamala inayotia shaka kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, kwa kifupi FRC. Sheria hiyo hiyo inafanya iwe kosa la jinai kumdokezea mteja kwamba ripoti imepelekwa. Kwa hiyo mhudumu anayekwepa macho yako huenda anajikinga na kesi yake mwenyewe. Kumkaripia hakutamfanya aseme, na kumrekodi kwa simu hakukusaidii lolote.

Hata hivyo ukimya huo una mpaka. Ripoti kwa FRC ni siri. Agizo la mahakama ambalo limekwisha kuwasilishwa benki na linalogusa pesa zako ni jambo jingine, nawe una haki ya kujua nani alilitoa. Basi usiulize "mmeniripoti?" Uliza, "Je, kuna agizo la mahakama juu ya akaunti hii, na nambari yake ni gani?" Liandike swali hilo na uliwasilishe kwa barua, kwa sababu jibu la mdomo husahaulika.

Njia nyingine ya kujua ni Gazeti Rasmi la Serikali. ARA ikipata agizo la kuhifadhi mali, lazima itangaze notisi humo na kuwaarifu wanaojulikana kuwa na maslahi. Matoleo ya gazeti hilo husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na mtu anaweza kutafuta jina lake akiwa saiba palepale mjini. Agizo la hakimu kwa ombi la mpelelezi halitangazwi hivyo, kwa hiyo kutokuona jina lako gazetini si ushahidi kwamba hakuna agizo.

Dai la tatu: "Ngoja siku 90, itafunguka yenyewe."

Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana linadanganya wengi. Agizo la kuhifadhi mali ambalo ARA hupata Mahakama Kuu huisha baada ya siku 90. Lakini siku hizo huhesabiwa tangu notisi ichapishwe gazetini, wala si tangu siku uliyokataliwa pesa. Tena ARA ikiwasilisha ombi la kutwaa mali hiyo kabla ya muda kuisha, agizo huendelea hadi ombi hilo lisikizwe na kuamuliwa. Anayelala akihesabu siku huamka akikuta kesi ya pili imefunguliwa, na muda mfupi aliopewa kutoa notisi ya kupinga umempita.

Hata kampuni kubwa hukwama chini ya maagizo haya. Julai 2022 Mahakama Kuu iliagiza akaunti za kampuni ya malipo ya Flutterwave zizuiliwe kwa ombi la ARA. Hazikufunguka kwa sababu kalenda imezunguka. Ilibidi ARA iondoe kesi zake mahakamani, jambo lililotokea 2023.

Agizo la hakimu, kama lile la mama wa Lurambi, ni jambo tofauti. Siku 90 za ARA hazilihusu. Lisome lenyewe: kama limetaja muda, huo ndio muda wake; kama limesema "hadi uchunguzi ukamilike", halitaisha mpaka mtu aende kuomba liondolewe. Mtu huyo ni wewe.

Dai la nne: "Hujashtakiwa, kwa hiyo hawawezi kugusa hata shilingi yako."

Wanaweza. Kesi ya kutwaa mali ni ya madai na inaielekea mali yenyewe, hivyo haimngoji mtu apatikane na hatia. Kipimo chake pia ni chepesi kuliko cha jinai: jaji huangalia ni upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Katiba inalinda mali katika kifungu cha 40, lakini kifungu hicho hicho kinasema ulinzi huo haufikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Maana yake katika chumba cha mahakama ni hii: ARA ikionyesha kwamba pesa nyingi ziliingia bila biashara inayoonekana, macho yote hukugeukia wewe ueleze. Kusema "ni pesa zangu" si maelezo. Kinachohitajika ni karatasi zinazoshikana: mkataba wa mauzo, sachi ya ardhi, kibali cha bodi ya ardhi pale kinapohitajika, risiti ya ushuru wa stempu, na stetimenti inayoonyesha kiasi kile kile siku ile ile. Pengo kati ya karatasi mbili ndilo swali la kwanza la wakili wa upande wa pili.

Hapa ndipo wengine hujimaliza. Kwa kuwa mauzo yalifanywa kwa mdomo, wanaandika mkataba leo na kuutia tarehe ya mwaka jana. Wakili aliyeshuhudia ataulizwa, risiti za serikali zina tarehe zake, na aliyeapa kwa hati ya uongo amejitengenezea kesi ambayo hakuwa nayo. Kama mkataba haukuwepo, ni heri kuapa hivyo na kuleta hati za kiapo za mnunuzi na mashahidi.

Dai la tano: "Ama wafungue yote ama hakuna."

Mahakama si lazima ichague hivyo, na katika kesi nyingi njia ya katikati ndiyo ya haraka. Turudi Lurambi. Wakili wa mama anawasilisha ombi katika faili ile ile ya hakimu aliyetoa agizo, pamoja na cheti cha dharura na hati ya kiapo. Hata kama agizo lilitoka Nairobi, hana haja ya kupanda basi ili kuwasilisha karatasi: tangu 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni umefika mahakama zote nchini. Mpelelezi anapewa nakala na kutakiwa ajibu.

Jibu linaonyesha tatizo liko wapi. Aliyetuma Sh600,000 anachunguzwa kwa ulaghai wa mtandaoni. Kuhusu Sh1.8 milioni za mnunuzi, mpelelezi hana malalamiko. Mama anaomba agizo libadilishwe ili lishike Sh600,000 tu, na anaahidi kutozigusa mpaka uchunguzi uishe. Ombi la namna hii ni rahisi kukubaliwa kwa sababu halimnyang'anyi mpelelezi ushahidi wake. Hakimu akikataa bila sababu ya kutosha, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuita faili na kuikagua.

Kwa agizo la ARA, sheria imeweka mlango wake. Mahakama Kuu yaweza kulibadilisha au kuliondoa ikiwa linakunyima riziki ya kawaida na kukutia taabu isiyostahili, na taabu hiyo ikawa nzito kuliko hatari ya pesa kufichwa au kuhamishwa. Hapo usiseme tu kwamba una watoto. Ambatisha barua ya karo kutoka shuleni, bili ya hospitali na risiti ya kodi ya nyumba, kisha utaje kiasi unachoomba kwa mwezi. Pia sema wazi kama una akaunti nyingine, kwa maana ikigunduliwa baadaye ombi lote huanguka.

Ombi likikubaliwa, kazi haijaisha. Uamuzi uliosomwa na hakimu haufiki benki wenyewe. Chukua agizo lililotiwa sahihi na muhuri wa mahakama, ulipeleke tawini na pia kwa idara ya sheria makao makuu, kwa kuwa huko ndiko kizuizi kilikowekwa na ndiko kinakoondolewa. Hakikisha nambari ya akaunti kwenye agizo ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho, maana kosa moja hukurudisha kwa karani kuomba marekebisho. Omba muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku zikipita na pesa bado zimezuiliwa ilhali benki ina agizo hilo mkononi, mambo yamegeuka: sasa benki ndiyo inayokaidi mahakama, na nakala yako yenye muhuri ndiyo itakayoiita ijieleze.